Kwa Nini Mtungi wa Hewa Ukaa Hauna Geji

Mitungi mingi ya kuzimia moto ina geji ndogo shingoni, na mshale ukiwa kwenye rangi ya kijani unajua mtungi uko tayari. Mtungi wa hewa ukaa, ule mwekundu wenye mkanda mweusi na domo pana jeusi ubavuni, hauna. Mkaguzi anayeujua vizuri hautazami bali anaupima kwenye mizani, kisha analinganisha uzito huo na namba zilizopigwa chapa kwenye chuma. Ukiwa umepungukiwa na zaidi ya sehemu moja ya kumi ya gesi yake, unarudishwa kujazwa.

Sababu ya kutumia mizani badala ya geji imo kwenye mchoro mmoja ambao wanafunzi wa sekondari hukutana nao, hukariri na kusahau: mchoro wa hali za maada. Nadhani husahaulika kwa sababu hufundishwa kwa maji, na mambo matamu ya maji kwenye mchoro huo yako mbali na maisha yetu. Hewa ukaa ni tofauti. Mahali pake muhimu kuliko pote ni nyuzi 31 za Selsiasi, joto ambalo Dar es Salaam na Mombasa hulipita mchana wa kawaida wa Februari. Kwa hiyo tuuchore mchoro wa hewa ukaa.

Chora mstari wa kulala na uandike joto, kutoka nyuzi 100 chini ya sifuri upande wa kushoto hadi nyuzi 60 upande wa kulia. Chora mstari wa kusimama na uandike shinikizo. Tutalipima kwa baa. Baa moja ni karibu sawa na shinikizo la hewa tunayovuta hapa pwani. Kila nukta kwenye karatasi hiyo sasa ni jozi ya joto na shinikizo, na mchoro unajibu swali moja tu: hewa ukaa tupu, isiyochanganyika na kitu kingine, ikiachwa hapo mpaka itulie, itakuwa yabisi, kimiminika au gesi?

Yabisi inakaa kushoto, kwenye baridi. Gesi inakaa chini na kulia, kwenye shinikizo dogo na joto. Kimiminika kimebanwa katikati, juu kidogo. Kati ya maeneo haya matatu kuna mistari mitatu ya mpaka, na hii mistari ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini. Ukiwa ndani ya eneo, uko huru: unaweza kuongeza joto kidogo au kupunguza shinikizo kidogo na hali isibadilike. Ukiwa juu ya mstari, hali mbili zinaishi pamoja na uhuru huo umepotea. Chagua joto, na shinikizo limekwishachaguliwa kwa niaba yako. Kimiminika cha hewa ukaa kikiwa pamoja na gesi yake katika nyuzi 20, shinikizo ni baa 57, na hakuna namna ya kulifanya liwe 50 au 60 bila kubadili joto au kuimaliza hali mojawapo.

Hapo jibu la geji limeanza kuonekana. Ndani ya mtungi wa kilo tano, katika chumba chenye nyuzi 20, kimiminika kiko chini na gesi iko juu yake. Tumia nusu ya kilo, au mbili, au tatu: maadamu kimebaki kimiminika hata kidogo na joto limerudi pale pale, shinikizo litakuwa baa 57. Geji ingesoma namba ileile kwa mtungi uliojaa na kwa mtungi unaokaribia kuisha. Ingekuwa kipimajoto cha bei ghali.

Fuata sasa mipaka hiyo mitatu mpaka inapokutana. Kwa hewa ukaa inakutana kwenye nyuzi 56.6 chini ya sifuri na shinikizo la baa 5.18. Hapo panaitwa nukta ya utatu, kwa kuwa ni mahali pekee ambapo yabisi, kimiminika na gesi hukaa pamoja bila mmoja kumla mwenzake. Ukiwa na hali mbili ulikuwa bado na uhuru wa kuchagua joto. Ukiwa na hali tatu huna uhuru wowote. Joto na shinikizo vyote vimefungwa. Kwa sababu hiyo nukta ya utatu ya maji, iliyo kwenye nyuzi 0.01, ilitumika tangu 1954 hadi 2019 kuwa msingi wa kizio cha joto duniani. Anayeweza kuona barafu, maji na mvuke vikiwa vimetulia ndani ya chupa moja ya kioo isiyo na hewa anajua joto lake bila kuuliza mtu.

Kwa hewa ukaa, linalohusu maisha yetu ni ile namba 5.18. Chini ya shinikizo hilo hakuna eneo la kimiminika hata chembe. Hewa inayotuzunguka ni baa moja, kwa hiyo popote mtu anaposimama duniani hawezi kuona hewa ukaa ikiwa kimiminika mezani. Kipande cha barafu kavu, ile inayotumika kusafirishia chanjo na samaki, hupungua na kutoweka bila kuacha tone. Maji nayo yana tabia hiyo, ila nukta yao ya utatu iko kwenye baa 0.006, chini mno kuliko shinikizo letu, ndiyo maana barafu ya jikoni hupitia umaji kwanza.

Walimu wa kemia wana jaribio dogo la kulionyesha hili. Husaga barafu kavu, huijaza kwenye kichwa cha kitoneshi laini cha plastiki, hukunja shingo yake na kuibana kwa koleo, kisha hukizamisha kwenye bilauri ya maji ya kawaida ya bomba. Gesi inayotoka haina pa kwenda, shinikizo linapanda, na baada ya muda mfupi ule unga mweupe unaanza kulowa. Likifika baa 5.18, kimiminika kisicho na rangi kinaonekana kikicheza ndani ya plastiki, vipande vya yabisi vikiwa vimezama chini yake. Koleo likilegezwa ghafla, kimiminika hicho kinachemka kwa fujo na kugeuka unga mweupe tena mbele ya macho yako. Jaribio hilo hufanywa kwa miwani ya kinga na kwa plastiki laini tu, kwa kuwa kitoneshi kikiachwa kimebanwa hupasuka. Barafu kavu ndani ya chupa ya kioo iliyofungwa kizibo ni bomu, na mchoro unasema kwa nini: kwa joto la chumba, mstari wake haukomi mpaka baa 57 au zaidi.

Umeona pia kwamba yabisi ilizama. Kwa maji ni kinyume, barafu huelea. Tofauti hiyo ipo kwenye mchoro: mpaka kati ya yabisi na kimiminika cha hewa ukaa umeinamia kulia, maana yake kukandamiza zaidi kunasaidia yabisi, iliyo nzito zaidi kwa ujazo uleule. Mpaka wa maji umeinamia kushoto. Ukikuta mchoro usio na jina, mwinamo huo ni kitu cha kwanza cha kutazama.

Tufanye sasa kinachofanywa na mtu anayejua kuusoma mchoro: kuweka kidole mahali na kutembea. Chukua kilo moja ya barafu kavu yenye nyuzi 100 chini ya sifuri, iweke ndani ya chombo chenye pistoni inayoshikilia shinikizo la baa moja muda wote, na uipashe kwa hita ya kilowati moja. Kwenye mchoro unatembea kwa mstari wa kulala, kutoka kushoto kwenda kulia, chini kabisa ya nukta ya utatu.

Mwanzo kipimajoto kinapanda haraka. Baada ya karibu nusu dakika kinafika nyuzi 78.5 chini ya sifuri, na hapo kidole chako kimegusa mpaka wa yabisi na gesi. Kipimajoto kinasimama. Hita inaendelea kuwaka, pistoni inapanda, yabisi inapungua, lakini mshale hausogei kwa zaidi ya dakika tisa, kwa sababu kugeuza kilo moja ya barafu kavu kuwa gesi kunameza kilojuli 571 kwa kuvunja mshikamano wa molekuli tu. Kipande cha mwisho kikiisha, joto linaanza kupanda tena, sasa ndani ya eneo la gesi. Umevuka mpaka mmoja.

Rudia safari hiyo huku pistoni ikishikilia baa 10. Mstari wako sasa uko juu ya nukta ya utatu, kwa hiyo utakutana na mipaka miwili. Wa kwanza uko karibu na nyuzi 56 chini ya sifuri: barafu kavu inayeyuka kama barafu yoyote, na kipimajoto kinasimama kwa dakika tatu na ushei, kwani kuyeyuka kunahitaji karibu kilojuli 200. Kisha kimiminika kinapata joto kwa nusu dakika hivi mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri, ambako kinaanza kuchemka, na kipimajoto kinasimama tena kwa zaidi ya dakika tano. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni msomaji kudhani kuwa kwa vile kidole kinavuka mstari mwembamba, mabadiliko yanatokea mara moja. Mchoro hauonyeshi muda wala nishati. Kuvuka unene wa wino kunaweza kula sehemu kubwa kuliko zote ya mafuta ya jiko lako.

Endelea kupandisha pistoni na utaona jambo jingine. Kwenye baa 20 uchemkaji hutokea karibu na nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwenye baa 57, nyuzi 20 juu ya sifuri. Ni mtindo uleule unaofanya maji yachemke kwenye karibu nyuzi 95 Nairobi na 100 Mombasa. Lakini kadiri unavyopanda, kipimajoto kinasimama kwa muda mfupi zaidi na zaidi, kana kwamba tofauti kati ya kimiminika na gesi inapungua. Na ndivyo ilivyo. Katika nyuzi 20, lita moja ya kimiminika cha hewa ukaa ina gramu 773 na lita moja ya gesi iliyo juu yake ina gramu 194. Katika nyuzi 30, kimiminika kimevimba hadi gramu 593 na gesi imesongamana hadi 345. Katika nyuzi 31, kwenye baa 73.8, zote mbili zina gramu 468. Hakuna tena kitu cha kutenganisha, na mstari wa mpaka unakoma pale pale karatasini. Hapo ndipo nukta ya ukomo.

Aliyeichunguza kwa mara ya kwanza kwa vipimo vya uhakika ni Thomas Andrews, mwanakemia wa Belfast, aliyetoa matokeo yake mwaka 1869. Alibana hewa ukaa ndani ya mirija myembamba ya kioo na kutazama. Chini ya karibu nyuzi 31 aliona uso wa kimiminika ukitokea. Juu ya hapo, hata akandamize vipi, hakuona uso wowote. Gesi ilizidi tu kuwa nzito. Katika nukta yenyewe kuna cha kuona: uso uliotenganisha juu na chini unafifia, na kitu kilichokuwa kinaangaza kama maji safi kinageuka ukungu mweupe kama maziwa kwa muda, kwa sababu mafungu mazito na mepesi yanajiunda na kuvunjika kila mahali na kutawanya mwanga.

Kukoma kwa mstari huo kuna matokeo yasiyotarajiwa. Ukianza na kimiminika, ukakipandisha shinikizo hadi juu ya baa 74, ukakipasha joto kupita nyuzi 31, kisha ukashusha shinikizo, utaishia na gesi bila kuona hata povu moja. Umeizunguka nukta ya ukomo badala ya kuvuka mpaka. Watengenezaji wa kahawa isiyo na kafeini hufanya kazi upande huo wa mchoro. Hewa ukaa iliyopita ukomo inapenya punje za kahawa kama gesi na kuyeyusha kafeini kama kimiminika, kisha shinikizo likishushwa inaondoka yote bila kuacha harufu.

Turudi kwenye mtungi wetu, kwa maana njia yake si ya kulala. Hauna pistoni, una ujazo usiobadilika. Mtungi wa kawaida wenye kilo tano za hewa ukaa una ujazo wa karibu lita saba na nusu, yaani gramu 667 kwa kila lita. Asubuhi, katika nyuzi 20, kimiminika kinajaza zaidi ya robo tatu ya mtungi na kidole chetu kiko juu ya mstari wa kimiminika na gesi, kwenye baa 57. Jua linapanda, na kidole kinapanda kikiufuata mstari: nyuzi 25, baa 64. Wengi wangedhani kimiminika kinapungua kwa kuwa kinageuka gesi. Hapa ni kinyume. Kwa vile mtungi umejazwa zaidi ya zile gramu 468, uvimbe wa kimiminika unashinda, na kina chake kinapanda. Karibu na nyuzi 27 povu la mwisho la gesi linabanwa mpaka linatoweka, na mtungi wote umejaa kimiminika.

Tangu hapo kidole kinauacha mstari na kupaa. Hakuna tena nafasi laini ya gesi ya kupokea uvimbe, kwa hiyo shinikizo linaruka: karibu baa 90 katika nyuzi 35, baa 106 katika nyuzi 40, na karibu baa 138 katika nyuzi 50, joto ambalo gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani linaweza kulifikia. Katikati ya safari hiyo, kwenye nyuzi 31, kilichomo kimeacha kuitwa kimiminika. Hakuna kilichotokea wakati huo, wala mlio wala mtikisiko, kwa kuwa njia hii imepita juu ya nukta ya ukomo bila kuigusa. Mtungi uliojazwa kupita kiasi ungefika hali ya kujaa kimiminika mapema zaidi, pengine asubuhi, na kupaa kutoka huko. Kwa hiyo kujaza hupimwa kwa uzito, na vali huwekewa kisahani chembamba cha chuma kilichokusudiwa kupasuka kabla ya mtungi wenyewe.

Mtu akibana kishikio, kimiminika kinapanda kwa mrija kutoka sakafuni mwa mtungi na kutoka kwenye domo jeusi, ambako shinikizo ni baa moja. Eneo la kimiminika halipo huko, basi kinalazimika kugawanyika: karibu robo ya uzito inageuka theluji yenye nyuzi 78 chini ya sifuri, na iliyobaki inakuwa gesi. Anayeshika chuma cha domo bila kishikio chake anaweza kuunguzwa na baridi.

Pale ambapo mchoro huu hauna huruma ni kwenye matangi makubwa ya hewa ukaa ya viwanda vya soda na bia, yale yanayotunza kimiminika katika nyuzi 20 chini ya sifuri na karibu baa 20. Haya yana geji. Tuseme vali imevuja usiku kucha. Gesi inatoka, kimiminika kinachemka kujaza pengo, kinajipoza kwa kuchemka huko, na kidole kinateremka kwa kufuata mstari mpaka nukta ya utatu. Hapo geji inasimama. Kwa kuwa geji nyingi huanza kuhesabu sifuri kwenye shinikizo la hewa ya nje, itasoma karibu baa 4, na itabaki hapo muda mrefu huku kimiminika kikiganda. Fundi anayeiona imetulia anaweza kudhani uvujaji umekoma. Kimiminika kikiisha chote, geji inaanguka hadi sifuri.

Tangi linaloonekana tupu sasa lina mzigo wa barafu kavu yenye nyuzi 78 chini ya sifuri, na kuta zake zinaweza kuwa za chuma kinachokuwa dhaifu kama kioo kwenye baridi hiyo. Kumimina humo kimiminika kipya, au kuligonga, ni hatari. Mafundi hurudisha shinikizo polepole kwa gesi kwanza, bila kimiminika, mpaka lipite tena baa 5.18 na yabisi ianze kuyeyuka, kisha huliacha lipate joto kwa saa nyingi. Na kabla ya kugusa chochote hutazama kama tangi limewekwa juu ya mizani, kwa kuwa uzito ndio utakaowaambia ni tani ngapi bado zimo.